Wimbo wa sadaka humwambia nani?

KATIKA ibada nyingi za Kikristo humu nchini kuna dakika chache ambazo kila mtu huzitambua hata kabla hazijatangazwa. Kinanda hubadilisha mdundo, wahudumu husimama na mabakuli au vikapu, na kwaya huanza wimbo wa sadaka. Kwa wengi hizo ni dakika za furaha. Kwa baadhi ni dakika za kuinamisha kichwa, kufungua Biblia pasipo kuisoma, au kukumbuka ghafla kwamba mtoto anataka kwenda msalani. Na wapo ambao, mwezi ukifika tarehe za ishirini na kitu na mfuko ukiwa mkavu, huamua kubaki nyumbani Jumapili hiyo. Hawakuchoka kuomba. Walichoka kuimbiwa.

Leo nataka tuyatazame maneno ya nyimbo hizo kwa jicho la sarufi. Mtunzi afanyeje ili maneno yake yawaite watu kutoa kwa ukarimu bila kuwasukuma wala kuwatia hatia? Wengi hudhani jibu ni kulainisha sauti, au kuepuka kutaja pesa. Mimi naona jibu limo ndani ya kitenzi. Ukitaka kujua kama wimbo wa sadaka unaalika au unasukuma, uliza kwanza kitenzi chake kinamwambia nani.

Nitatumia mfano mmoja. Mwalimu wa kwaya wa kanisa fulani aliniletea maneno ya wimbo aliokuwa akiutunga, akaniomba nimkagulie sarufi tu. Katika kanisa lao watu hawaendi mbele kutoa. Hukaa vitini, na bakuli hupitishwa mkono hadi mkono, mstari baada ya mstari. Mwalimu huyu ni mtunzi makini. Kila mshororo wake ulikuwa na mizani nane kamili, na lahani alikuwa tayari nayo. Kiitikio kilikuwa hivi:

Ndugu, inuka utoe,
Usibaki umekaa;
Bwana anakutazama,
Mkononi una nini?

Na ubeti wa kwanza:

Kakupa uhai bure,
Wamnyima hata senti;
Usipotoa kwa moyo,
Baraka utazikosa.

Sarufi haikuwa na doa. Nilimwambia hivyo, kisha nikamwomba tusome tena, safari hii tukitafuta nafsi peke yake. Katika mishororo minane, anayeambiwa ni mtu mmoja, nafsi ya pili umoja: inuka, utoe, usibaki, anakutazama, una, kakupa, wamnyima, usipotoa, utazikosa. Mungu yumo, lakini anasemwa tu, hasemeshwi. Wanaosemeshwa ni walioketi. Wala hawasemeshwi kama kundi. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuwaambia wengi, kile kiambishi -ni cha “inukeni” na “toeni”. Hapa hakipo. Kila aliyeketi anaambiwa peke yake, na mamia ya sauti, wakati bakuli linamjia.

Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia ya upole katika mazungumzo waliyoitoa mwaka 1978 na kuichapisha upya kama kitabu mwaka 1987, walieleza kwamba kila mtu ana “uso” anaoulinda anapozungumza na wenzake. Uso huo una pande mbili: hamu ya kukubalika, na hamu ya kuachiwa nafasi ya kuamua mambo yake mwenyewe. Wahenga wetu walikuwa wameshaona sehemu ya jambo hilo waliposema kwamba uso umeumbwa na haya. Sasa tazama kiitikio chetu kinafanya nini. “Inuka utoe” inaugusa upande wa pili: nafasi ya kuamua inachukuliwa. “Usibaki umekaa” inaugusa upande wa kwanza: anayebaki ameketi anaonyeshwa kwa kidole. Na “Mkononi una nini?” inagusa pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ni swali lisilo na nafasi ya jibu. Mtu aliyeulizwa swali hilo sokoni angejibu, “Sina kitu leo, mama.” Kanisani, katikati ya wimbo, hawezi kulijibu. Anabaki nalo.

Ubeti unaendelea na kazi ile ile kwa njia mbili nyingine. Ya kwanza ni neno “hata” katika “wamnyima hata senti”. Neno hilo hushusha kipimo hadi chini kabisa, ili yeyote asiyetoa aonekane ameshindwa na kilicho kidogo kuliko vyote. Pia “nyima” si sawa na “kutotoa”. Anayenyima anacho. Kitenzi hiki kimeshaamua, kabla ya kumwuliza mtu, kwamba pesa zipo mfukoni na kinachokosekana ni moyo.

Njia ya pili ni “usipotoa ... utazikosa”. Huu ni muundo wa masharti, na ndani yake zawadi imegeuka kuwa biashara. Ubaya wake hauishii kwa aliyeketi leo. Ukiimba kwamba asiyetoa hukosa baraka, mtu aliyeugua au aliyefutwa kazi anaweza kujumlisha mwenyewe: nimekosa baraka, basi lazima sikutoa vya kutosha. Hakuna aliyemwambia hivyo waziwazi, ila sarufi ya masharti husomeka kutoka mbele hata kutoka nyuma.

“Lakini Mwalimu,” aliniambia, “si ndivyo watu wanavyozungumza? Nisiposema toa, watajuaje ni wakati wa kutoa?”

Watajua. Bakuli linapita. Hilo ndilo jambo ambalo watunzi wengi husahau: wimbo wa sadaka ni wimbo wa kusindikiza. Kwa Wakatoliki, mwongozo mkuu wa Misale ya Kirumi, katika kifungu cha 74, unasema wimbo huo huandamana na kupelekwa kwa vipaji na kuendelea angalau hadi vipaji viwekwe altareni. Yaani kitendo kipo tayari, na wimbo unakipa maana. Makanisa mengine hayana mwongozo huo, ila kazi ya wimbo ni ile ile. Mtu anayetembea na wewe barabarani hana haja ya kukuambia “tembea, tembea” kila hatua. Anakupa mazungumzo.

Hebu tulitazame neno “toa” lenyewe, maana lina siri yake. Katika Kiswahili, kutoa ni kuondoa kitu kilipo: tunatoa jino, tunatoa takataka, tunatoa gari kwenye matope. Likisimama peke yake, “toa” linataja kutoka kwa kitu bila kusema kinaenda wapi. Ndiyo maana askari akikuambia “toa!” huoni ukarimu wowote ndani yake. Lakini ukikiweka kitenzi katika kauli ya kutendea kinakuwa “tolea”, na kinadai mpokeaji papo hapo: unamtolea nani? Kutokana na umbo hilo tukapata “matoleo”. Neno hilo limebeba uhusiano tumboni mwake, kwa sababu hakuna matoleo pasipo mtu wa kutolewa. Wimbo unaosema “twakutolea” umekwisha kumtaja anayepewa, na macho ya mwimbaji yanahama kutoka mfukoni kwa jirani.

Uangalifu huo huo unafaa katika maneno “sadaka” na “zaka”. Yote mawili tuliyapata kutoka Kiarabu kupitia Uislamu, na huko hayana maana moja. Zaka ni faradhi yenye viwango vyake, ilhali sadaka hutolewa kwa hiari. Neno sadaka lina asili moja na kitenzi chetu “sadiki”. Kuna kweli na uaminifu ndani yake. Wakristo wanaosema Kiswahili waliyachukua maneno yote mawili, na zaka wakaipa fungu la kumi. Lugha ya kila siku bado imeitunza tofauti hiyo. Watu husema “nimelipa zaka”, lakini sijawahi kusikia mtu akisema “nimelipa sadaka”. Deni hulipwa, sadaka hutolewa. Kwa hiyo mtunzi anayeandika wimbo wa bakuli la sadaka kisha akatumia “lipa”, “deni” na “daiwa” amehamisha kitendo kutoka upande wa hiari hadi upande wa faradhi, na mwimbaji huisikia hatia hiyo hata asipoweza kuieleza.

Kuna dawa moja ambayo hupendekezwa haraka katika mazungumzo kama haya: badilisha “toa” iwe “tutoe”, na kila kitu kitakuwa sawa. Ni kweli kwamba nafsi ya kwanza wingi hupunguza makali. Umbo hili lenye -e mwishoni, ambalo wanasarufi huliita dhamira tegemezi, huweza kubeba pendekezo, ombi au azimio. Lakini haliwezi kuaminiwa peke yake. Mwalimu wa darasa la tatu anaposema “Haya, tunyamaze”, yeye si mmoja wa wanaonyamazishwa. Muuguzi akisema “tumeze dawa sasa”, anayemeza ni mgonjwa. Vivyo hivyo, “tutoe jamani, tutoe” kutoka kwa mtu aliyeshika kipaza sauti inaweza kuwa amri iliyovaa kanzu. Kiambishi tu- huwa cha kweli pale tu anayeimba anapokuwa pia miongoni mwa wanaotoa, na maneno yanapoelekezwa kwa mwingine, si kwa wanaoimba.

Na huyo mwingine, katika ibada, yupo. Ni Mungu. Hapa ndipo lugha inafanya jambo la ajabu kidogo. Chukua kitenzi cha kuamrisha kilicho wazi kabisa: “pokea”. Ukimwambia jirani yako “Pokea!”, umemwamuru. Ukimwambia Mungu “Pokea”, umeomba. Umbo halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mwelekeo. Amri inayopanda juu hugeuka kuwa ombi, kwa sababu anayeitoa hana uwezo wa kulazimisha. Amri inayokwenda upande, kutoka kiti hadi kiti, hubaki na uzito wake wote. Ndiyo maana wimbo unaweza kuwa na vitenzi vya kuamrisha mwanzo hadi mwisho na bado usimsukume mtu yeyote.

Kabla ya kuandika upya, nilimpa mwalimu kipimo kimoja, na ningependa watunzi wengine wakichukue. Mfikirie mtu aliyeketi bila kitu mkononi. Je, anaweza kuimba kila mshororo wa wimbo huu bila kusema uongo na bila kujihukumu? Kama hawezi, basi wimbo huo ni wa walio nacho peke yao, na yeye umemwacha nje akiwa ndani ya kanisa. Tusidhani kwamba mtu huyo ni maskini tu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na makanisa yakabandika nambari za malipo ukutani, wapo waliotuma sadaka yao usiku wa Jumamosi. Bakuli linapowafikia hulipitisha tu, mikono mitupu, na jirani hajui. Wapo watoto na wageni. Na yupo kijana aliyetembea kwa miguu kwa sababu nauli haikuwapo.

Methali yetu husema mkono mtupu haulambwi. Ni methali ya kweli kuhusu ulimwengu, na nadhani kiitikio cha kwanza kilikuwa kikiirudia bila kujua. Tulikubaliana na mwalimu kwamba kiitikio kipya kiijibu. Masharti yalikuwa kubaki na mizani nane, kwa sababu lahani ilikuwepo. Alianza kwa kuandika “Bwana, twaja mbele yako”. Ni mshororo mzuri kwa kanisa ambalo watu huandamana hadi mbele. Lakini kwao watu hukaa. Aliyeketi akiimba “twaja” ameshaanza kupungukiwa na ukweli. Tukabadilisha neno moja:

Bwana, tuko mbele yako,
Pokea mikono yetu,
Mizito hata mitupu;
Vyote vimetoka kwako.

Hesabu mizani: Bwa-na tu-ko mbe-le ya-ko, nane. Po-ke-a mi-ko-no ye-tu, nane. Tazama pia kinachopokewa. Si pesa, wala si noti, bali mikono, na kila aliyeketi anayo. Neno “mizito” linamkaribisha aliyejaliwa aje na kikubwa. “Hata mitupu” linambakiza ndani asiyejaliwa leo. Lile “hata” lililokuwa likimshusha mtu sasa linamwinua. Na mshororo wa mwisho unamkumbusha mwenye mikono mizito kwamba uzito huo hakujipa. Anakumbushwa pamoja na wenzake, katika nafsi ya wingi, akimwambia Mungu. Hakuna jirani anayemtazama.

Kwenye ubeti tulikutana na kizingiti ambacho hakihusiani na hatia bali na sikio. Mwalimu alitaka “Watupa uhai bure”, akimaanisha Mungu hutupatia uhai. Hebu uimbe kwa sauti. Wa-tu-pa. Msikilizaji anaweza kusikia kwamba Mungu anautupa uhai, kama mtu atupavyo maganda. “Umetupa” na “ulitupa” zina mtego huo huo, kwa sababu kiambishi cha watendewa -tu- kikikutana na kitenzi “pa” hufanana kabisa na kitenzi “tupa”. Katika maandishi muktadha huokoa. Katika wimbo, ambapo neno hurefushwa na kukatwakatwa, hauokoi kila mara. Tukageuza sentensi ili mtendaji awe sisi:

Uhai tulipokea
Bila bei, bila deni;
Kwa tulicho nacho leo,
Asante yetu pokea.

Kitenzi “pokea” sasa kinaonekana mara mbili: sisi tulipokea, nawe pokea. Kupokea kunatangulia kutoa, na kutoa kunakuwa jibu. “Bila deni” inafunga ule mlango wa biashara uliokuwa umefunguliwa na “usipotoa”. Na “kwa tulicho nacho leo” inaweka kipimo ndani ya maisha ya mtoaji mwenyewe. Neno “leo” ni dogo ila lina kazi: linakubali kwamba wiki ijayo mambo yanaweza kuwa mengine.

Nilijua pingamizi lingekuja, na lilikuja. “Wimbo huu ni mtamu,” mwalimu alisema, “lakini umelegea. Kanisa lina mabati ya kununua. Ukarimu uko wapi hapo?”

Ni pingamizi la haki. Kuna nyimbo za sadaka ambazo, kwa kuogopa kusukuma, haziiti tena. Zinataja mawingu na maua na upendo, na mtu anaweza kuziimba mwaka mzima asijue kwamba kuna mgonjwa anayengoja dawa. Kutosukuma hakumaanishi kunyamaza. Mtume Paulo alikuwa akichangisha pesa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu alipoandika sura ya nane na ya tisa za barua yake ya pili kwa Wakorintho, na hakuona haya kuomba kwa wingi. Lakini anaeleza kwamba hasemi kwa kuamuru, kwamba kinachokubalika hupimwa kwa alicho nacho mtu na si kwa asichokuwa nacho, na kwamba kila mmoja atoe kama alivyoazimia moyoni, bila huzuni wala kulazimishwa.

Wajuzi wa Biblia watanikumbusha kwamba Paulo huyo huyo anawatajia Wakorintho mfano wa Wamakedonia, waliotoa wakiwa fukara, na huko ni kulinganisha. Ni kweli. Ila Paulo aliandika barua mapema, akawataka waandae mchango wao kabla hajafika, isije ikaonekana umekamuliwa. Walikuwa na majuma ya kufikiri. Wimbo wa sadaka hauna majuma. Una dakika chache, na jirani yuko bega kwa bega. Ulinganisho unaoweza kuwa somo ndani ya barua hugeuka kuwa aibu ndani ya bakuli linalopita. Ni vyema uamuzi wa kiasi ufanyike nyumbani. Kazi ya wimbo ni kuupokea uamuzi huo kwa furaha na kuukumbusha sababu yake.

Kwa hiyo ukarimu tuliutafutia ubeti wa pili, na tukaujenga juu ya mambo mawili. La kwanza ni kumtaja anayefikiwa, kwa sababu mkono hufunguka kwa urahisi ukijua unakwenda kwa nani. La pili ni kuuombea ukarimu badala ya kuudai:

Mgonjwa apate dawa,
Na mwenye njaa chakula;
Utufungue mikono,
Tusihesabu kwa hofu.

Hapa dhamira tegemezi inafanya kazi yake halisi: apate, utufungue, tusihesabu. Yote ni maombi. Ombi la mwisho halipunguzi chochote katika wito wa kutoa. Kwa kweli linadai zaidi kuliko “wamnyima hata senti”, maana linagusa ile sekunde mtu anapochambua noti ndani ya mfuko akitafuta iliyo ndogo. Lakini linaigusa kama udhaifu wetu sote tunaouomba uondolewe, si kama kosa la ndugu mmoja aliyekamatwa. Na asiye na kitu anaweza kuliimba bila kusema uongo, kwa kuwa naye ana hofu zake za kuhesabu.

Mwalimu aliuliza kama angeweza kubakiza mshororo mmoja mkali, angalau mmoja, kwa ajili ya wale wazito wa kuelewa. Nilimjibu kwamba swali la kwanza ni mahali. Bakuli likichukua dakika sita kufika mstari wa mwisho, kiitikio kinaweza kurudiwa mara kumi au zaidi, ilhali ubeti huimbwa mara moja. Neno kali likisemwa mara moja ni nasaha. Likirudiwa mara kumi ni simango, na waketio nyuma ndio huimbiwa mara nyingi zaidi kabla bakuli halijawafikia. Basi kiitikio kibebe kile ambacho kila mtu anaweza kukirudia kwa amani. Kama kuna la kukumbusha, liwe katika ubeti, na limwendee Mungu.

Kuna mambo ambayo maneno ya wimbo hayawezi kuyatibu. Utungo uliopimwa neno kwa neno unaweza kuvunjwa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti anayedakia kati ya beti, “Wale wa elfu moja wasimame kwanza!” Lugha hiyo tumeizoea kutoka kwenye harambee, ambako majina na viwango husomwa hadharani na watu hushangilia. Harambee ina kanuni zake. Aliyeitwa alijua anaitwa kufanya nini, na asiyetaka hakuenda. Lakini anayekuja ibadani hakuja mnadani. Kwaya ikiwa inaimba “mizito hata mitupu” huku mshereheshaji akipanga watu kwa noti, watakachosikia ni cha mshereheshaji, kwa sababu yeye anasema nao moja kwa moja katika nafsi ya pili. Anayetangaza ana sentensi mbili tu za lazima: sadaka ya leo inakwenda wapi, na kwamba anayelipitisha bakuli bila kuweka kitu naye ameshiriki. Baada ya hapo aiachie kwaya.

Tuna pia methali nyingine, ambayo husemwa sana kwenye michango: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. “Usambe” ni neno la zamani, kutokana na kitenzi “amba”, yaani sema. Basi usiseme kwamba ni utajiri. Wengi huitumia kumkumbusha maskini kwamba naye anaweza kutoa. Lakini katazo lake limeelekezwa kwa msemaji, yule anayetazama bakuli na kupima watu. Yeye ndiye anayeambiwa asiseme. Mtunzi wa wimbo wa sadaka akilisikia katazo hilo kabla hajashika kalamu, atajua ni mishororo gani ya kuacha.